Tarishi wa Goma amebeba nini? Mizigo mitatu ya kuchagua kabla hujachora mji wa madalali wa data

Nilipoanza kuandika hadithi yangu ya saibapanki, yaani ile ya mji wa kesho ambamo mashine zimepanda juu na maisha ya watu yamebaki chini, nilianza na taa. Niliichora Goma ya miaka mingi ijayo, minara imesimama juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, chukudu zina injini ndogo chini ya ubao, na ziwa Kivu linapoza mashine za madalali wa data wanaotawala mji. Kisha nikamweka Kahindo, binti wa miaka 17, tarishi wao. Sura tatu zilikwenda vizuri. Ya nne ilikwama, kwa sababu Kahindo alitakiwa aanze kuelewa alichobeba, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaamua ni nini.

Tangu hapo nimejaribu mizigo mitatu, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ulinilazimisha kuujenga mji upya, kwa hiyo nawalinganishia hapa kabla na wewe hujapoteza miezi kama mimi. Mizigo yenyewe ni diski iliyofungwa kwa siri, kipande cha ufunguo, na daftari lisilo na majina. Swali ninaloliuliza kila mzigo ni moja: je, unamruhusu binti kujifunza polepole?

Kwanza niondoe pingamizi moja ambalo msomaji atalileta. Kwa nini data ibebwe kwa miguu wakati mtandao upo? Sisi huku hatuhitaji kubuni jibu. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, mtandao ulizimwa nchi nzima na haukurudi mpaka tarehe 19 Januari 2019. Nani kati yetu hakutafuta mtu wa kumpa ujumbe aupeleke mkononi siku zile? Hata mtandao ukiwepo, hesabu inambeba tarishi. Diski ya terabaiti mbili ikipitishwa kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua siku 18 na nusu. Mashua iondokayo Goma alfajiri huwa imefika Bukavu kabla siku haijaisha. Tena mtandao huacha nyayo kwa kila mwenye mtambo njiani, lakini mashua humjua nahodha tu.

Diski iliyofungwa

Huu ndio mzigo ambao karibu kila mtu huchagua kwanza, na sababu inaeleweka. Ni kitu cha kushika. Una sanduku, una kamba, una mkono unaotetemeka kwenye kizuizi cha mpaka wa Gisenyi.

Tabu yake ni kwamba diski haizungumzi. Aliyezoea kubeba coltan hujua kiroba kwa uzito wake, akikiinua tu anajua kama kimechanganywa na udongo. Diski iliyojaa na diski tupu hazina tofauti mkononi. Kahindo akiichomeka kwenye kompyuta ya rafiki yake ataona vurugu tupu. Hata kipimo kile rahisi cha kujaribu kulibana faili lipungue hakimsaidii sana: maandishi ya kawaida yakibanwa hupungua mno, data iliyofungwa haipungui, lakini picha na video nazo hazipungui kwa kuwa zimekwisha kubanwa. Anachopata ni "labda imefungwa", basi.

Hapa ndipo waandishi wengi huanguka, nami nimeanguka. Tunampa binti kipaji cha ghafla, anakesha usiku mmoja, anavunja kufuli. Msomaji anayejua kidogo anafunga kitabu hapo hapo. Kufuli ya AES yenye ufunguo wa biti 256 haivunjwi kwa kukesha, na hata kompyuta zote za dunia zikikesha naye haitavunjika. Inafunguka kwa uzembe wa mtu: nenosiri lililoandikwa kwenye kikaratasi nyuma ya kadi ya uchaguzi, au kompyuta ya dalali iliyoachwa wazi wakati yeye ameenda kupokea simu. Ukichagua diski, mtafute huyo mzembe mapema na umpe sura.

Lakini diski ina njia moja nzuri ya kufundisha, nayo sisi wa Goma tunaijua toka utotoni kwa jina la mazuku. Gesi ile haionekani wala hainuki. Ni nzito kuliko hewa, inalala mabondeni, hasa upande wa magharibi wa mji, na mtoto anayeinama kuokota kitu huweza asiinuke tena. Mama hamwonyeshi mtoto mazuku, kwa kuwa hakuna cha kumwonyesha. Anamwonyesha ndege aliyekufa na majani yaliyokauka, kisha anamwambia, usikanyage hapo. Kahindo naye atajifunza diski kwa ndege waliokufa kandokando yake: nani anampa, nani anapokea, anatumwa siku gani, analipwa dola ngapi, na lini bei hupanda. Akigundua kwamba safari zenye malipo mara tatu huja kesho yake baada ya siku za kugawa chakula kambini, ameshika jambo kubwa bila kufungua chochote.

Kwa hiyo diski humfundisha juu ya watu wanaoagiza, haimfundishi juu ya kilichoagizwa. Hiyo ni hadithi ya upelelezi, na mji wake ni mji wa njia: anayetawala ni mwenye mashua, mwenye mlinzi wa geti, mwenye chumba cha kulala tarishi. Mchezo wa kompyuta hufaa sana hapa, maana mchezaji anaweza kuweka orodha yake ya safari na kuisoma mwenyewe.

Kipande cha ufunguo

Mzigo huu ni mzuri kwa hesabu yake, na hesabu yake ndiyo inayouharibu kwa hadithi ndefu. Mwaka 1979 Adi Shamir alionyesha jinsi ya kugawa siri katika vipande, ili idadi fulani ya vipande ikikutana siri irudi, na vikipungua kimoja tu hakuna kinachojulikana.

Chukua mfano wa kitoto. Siri ni 7. Dalali anachagua namba nyingine kwa bahati, tuseme 3, na kuchora mstari unaoanzia 7 na kupanda 3 kwa kila hatua. Hatua ya kwanza mstari uko kwenye 10, ya pili kwenye 13, ya tatu kwenye 16. Kila tarishi anapewa nukta moja: Kahindo ana (1, 10), kijana wa Bukavu ana (2, 13), mzee wa Idjwi ana (3, 16). Wawili wowote wakikutana watachora mstari, kwa sababu nukta mbili zinatosha kuchora mstari mmoja tu, nao utawarudisha kwenye 7. Lakini Kahindo peke yake na (1, 10) yake? Mistari isiyo na idadi hupita pale, na kila mmoja unaanzia kwenye siri tofauti. Kwenye kazi halisi hesabu hii hufanywa kwa mzunguko wa namba tasa kubwa ili hata dokezo dogo lisivuje.

Unaona shida? Kwa sura kumi na tisa binti hajui kitu. Kwenye sura ya ishirini anakutana na kijana wa Bukavu, na anajua kila kitu. Hakuna polepole. Nilijaribu kuukata ufunguo vipande vingi, saba, kisha kumi na viwili, nikidhani nitapata ngazi za kupanda. Hazikuwepo. Kipande cha sita kati ya saba hakina habari zaidi ya kipande cha kwanza.

Kwa hadithi fupi ya kurasa kumi, ningeuchukua mzigo huu bila kufikiri mara mbili. Kukutana kwa watu wawili wasiojuana, kila mmoja ameshika nukta isiyo na maana, ni tukio linalojitosheleza. Mji wake ni mji wa madalali wasioaminiana, ambamo baraza haliwezi kufanya lolote mpaka wajumbe kadhaa wakubali pamoja. Kwa riwaya, hapana.

Daftari lisilo na majina

Mzigo wa tatu sikuupata kwenye kitabu. Niliupata Birere, kwenye meza yangu.

Kwa miaka miwili nilikuwa wakala wa pesa za simu pale, mwavuli mmoja, kiti kimoja, na daftari la kurasa za mistari. Kila mteja nilimwandika: tarehe, namba ya simu, kiasi, kuweka au kutoa, sahihi. Safu ya jina niliiacha baada ya mwezi wa kwanza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Siku moja alikuja mtu mwenye shati safi, akaniamkia vizuri.

"Jambo Papa. Naomba nipige picha kurasa za daftari lako, nitakupa dola tano."

"Za nini, ndugu yangu?"

"Utafiti tu. Halina majina, Papa. Hamna mtu humo."

Jioni ile nilikaa na daftari nikalisoma kama mtu mwingine angelisoma. Namba moja, iliyoishia na 41, iliweka dola kumi kila Ijumaa mchana. Mwezi wa tatu ikaanza kutoa dola mbili mbili, kila siku, asubuhi mapema. Kisha ikanyamaza. Sikuhitaji jina. Nilijua ni yule mama muuza samaki wa kavu, nilijua alikuwa anamsomesha mtoto Bukavu, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba alikuwa ameugua, kwa sababu hizo dola mbili zilikuwa za dawa. Yote hayo yalikuwa kwenye kalamu yangu mwenyewe, na nilikuwa nimeyabeba mkobani kila siku bila kuyaona. Yule mtu sikumpa kurasa.

Basi huo ndio mzigo wa Kahindo sasa: faili lililo wazi, lisilofungwa hata kidogo, ambalo sheria ya mji inaruhusu kuuzwa kwa sababu jina halimo. Naweka sheria hiyo juu ya lango la madalali, maneno matatu: *Jina halisafiri kamwe*. Watu wa mji wanaijivunia. Kahindo naye anaijivunia mwanzoni, anaamini anafanya kazi safi.

Faili lenyewe linaonekana hivi:

```
kivuli;mnara;siku;saa
7c1e;BIRERE-2;Jumanne;05:40
7c1e;BANDARI-1;Jumanne;06:25
7c1e;BUKAVU-1;Jumanne;11:50
7c1e;KATINDO-3;Jumatano;19:10
```

Safu ya kwanza ni kivuli cha namba ya simu. Wataalamu huita hashi: namba inapitishwa kwenye hesabu isiyorudi nyuma, na kinachotoka ni msururu wa herufi (hapa nimeufupisha). Safu ya pili ni mnara ulioguswa na simu. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna picha.

Angalia sasa jinsi binti anavyopanda ngazi. Mara ya kwanza anafungua faili kwa udadisi, anaona minara, anachoka, analifunga. Mara ya pili yuko ndani ya mashua, hana la kufanya, na jicho lake linaangukia Jumanne. Birere saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, bandarini saa kumi na mbili na nusu kasoro dakika tano, Bukavu kabla ya saa sita. Huo ni mwendo wake. Lakini abiria wa mashua ile walikuwa wengi. Anashuka mstari mmoja: Katindo, Jumatano, saa moja jioni. Siku ile alikuwa amempeleka mama yake mdogo hospitalini, na hakuna abiria mwingine wa mashua ile aliyekuwa Katindo saa ile. 7c1e ni yeye.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichunguza miezi 15 ya mienendo ya simu za watu milioni moja na nusu, wakakuta kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Kahindo alihitaji nukta nne, nami nimempa nne kwa makusudi.

Ngazi ya pili ni kuhakikisha. Hesabu ya hashi huwa inajulikana na wote, kwa hiyo anapitisha namba yake mwenyewe:

```
printf '%s' "$NAMBA" | sha256sum
```

Herufi za mwanzo zinalingana. Na akitaka namba za wengine? Namba zetu zote huanza na 243 kisha tarakimu tisa, kwa hiyo haziwezi kuzidi bilioni moja. Programu inayojaribu milioni moja kwa sekunde itazimaliza zote kwa dakika 17. Kivuli kisichorudi nyuma kinarudi, kwa njia ya kujaribu kila mtu. Dalali mjanja atatia chumvi, yaani ataongeza neno la siri kwenye namba kabla ya kuipitisha, na hapo jaribio hilo hufa. Mimi nimewaacha madalali wangu wazembe mpaka katikati ya kitabu. Wakigundua mtu amechungulia, wanatia chumvi, na kutoka hapo Kahindo hana budi kurudi kwenye minara na saa, ambazo chumvi haizigusi.

Ngazi ya tatu ndiyo inayonilaza macho. Akishajua kumtafuta mtu mmoja, anaanza kuwaona majirani. Kivuli kinacholala mnara uleule na chake ni wa uani kwao. Kivuli kilichokuwa kikilala Birere kila usiku kisha kwa wiki mbili kinalala kambini, ni jirani aliyeondoka bila kuaga. Na siku moja anagundua kwamba mnunuzi wa Bukavu halipii mistari yote. Analipia vivuli vilivyobadilisha mahali pa kulala na havikurudi. Mtu huyo ananunua orodha ya waliokimbia, pamoja na mahali walipojificha, na Kahindo ndiye anayeipeleka, kila Jumanne.

Mji wa mzigo huu unajengwa kwa mfano tulionao mlangoni. Kwenye madini kuna mchimbaji, kuna negosia anayekusanya, kuna kontuari inayouza nje, na katikati kuna lebo ya plastiki yenye namba inayofungwa kwenye kiroba ili kuonyesha kinatoka machimbo halali. Kila mtu wa hapa anajua kwamba lebo huweza kuuzwa pembeni, na kiroba cha machimbo mengine kikafungwa lebo njema. Fanya data iwe hivyo. Wachimbaji ni mawakala wa mwavuli kama nilivyokuwa mimi, wauza inite, waandikishaji wa foleni za chakula. Negosia hukusanya madaftari yao mtaa kwa mtaa. Kontuari huyaunganisha, na nguvu yote ya mji iko hapo, kwa mtu anayeweza kuweka daftari la pesa kando ya daftari la minara. Lebo inasema "imetolewa kwa hiari". Alama za vidole za mama aliyesimama foleni tangu alfajiri kwa ajili ya unga zinafungwa lebo ya utafiti wa hiari, na zinavuka ziwa zikiwa safi.

Mzigo huu una kasoro yake, nayo ni ya uandishi. Msomaji anaweza kuchoka na mistari. Nimejiwekea kanuni ya kuonyesha faili mara tatu tu katika kitabu kizima, na kila mara lisizidi mistari minne, ambayo angalau mmoja msomaji aweze kuufumbua kabla ya Kahindo. Nilipompa mdogo wangu sura ile ya mashua, alinyanyua kichwa kwenye mstari wa Katindo akasema, "Yaya, ni yeye!" Kahindo alikuwa bado hajafika mstari huo.

Ukiniuliza uchague upi, nitakuuliza una kurasa ngapi. Kurasa kumi, chukua kipande cha ufunguo. Mchezo, au hadithi inayopenda milango na walinzi kuliko maandishi, chukua diski, ila mtafute mzembe wako mapema. Riwaya ambamo binti anatakiwa kubadilika sura hadi sura, chukua daftari, na usilifunge. Unaweza pia kuchanganya: sura tano za kwanza Kahindo wangu anabeba diski na kuhesabu ndege waliokufa, mpaka siku ambayo negosia, akiwa na haraka kwa sababu mashua inaondoka, anamkabidhi faili bila kulifunga na kumwambia aende tu, halina majina.

Nimebakiza jambo moja la kuamua, nalo ni simu ya Kahindo mwenyewe. Ili mistari ile minne iwepo, lazima aibebe ikiwa imewashwa kila safari, na madalali wanaoogopa nyayo wasingemruhusu. Kwa sasa nimeandika kwamba wao ndio waliompa simu hiyo siku ya kwanza ya kazi, kama zawadi, na kumwomba asiizime, ili mama yake asipate wasiwasi.